Nawezaje kuuza asali ya Tabora mtandaoni wakati kila mtu ana bei ya chini?

*Swali: Habari kaka. Nipo Tabora mjini, nachukua asali Sikonge, ndoo ya lita 20 kwa 160,000, usafiri 5,000, chupa na stika kama 700 kila moja. Nimeweka tangazo "KARIBU MJIPATIE ASALI ORIJINO KUTOKA KWETU", lita 1 kwa 14,000. Soko wanakata asilimia 10 kwa kila oda. Wenzangu wengi wameweka 10,000, watu wanaangalia tu hawanunui. Nishushe?*

Usikimbilie kushuka mpaka 10,000 dada, kwanza fungua matangazo ya hao wa 10,000 uangalie chupa zao vizuri, kuza picha usome stika. Wengi utakuta ni kilo moja, wala sio lita moja. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina kama kilo 1.4, kwahiyo kilo moja ni kama mililita 700 tu. Ukipiga hesabu, aliyeuza kilo kwa 10,000 lita yake ni kama 14,000, yaani mpo bei moja ila yeye anaonekana rahisi kwasababu mteja anaona namba ya bei tu, kipimo hakioni.

Sasa tupige yako. Kwenye ndoo ya lita 20 usitegemee chupa 20, kuna povu na masega yanabaki kwenye kichujio na nyingine inanata kwenye ndoo, weka 19. Hapo 165,000 gawa kwa 19 ni kama 8,700, ongeza chupa na stika inakuwa 9,400. Ukifuata watu ukauza lita moja kwa 10,000, soko wakikata yao unabaki na 9,000, umemlipa mteja akunywee asali. Sema unataka faida ya 2,600, jumla 12,000. Hapa ndo wengi wanateleza, wanaongeza asilimia 10 juu ya 12,000 wanapata 13,200, kumbe soko linakata kwenye bei yote ya kuuzia, 1,320 inaondoka unabaki na 11,880. Unagawa kwa 0.9, 12,000 inakuwa 13,333, weka 13,500. Hiyo kwa kilo ni kama 9,650, upo chini ya wale wa 10,000 na hujapoteza kitu. Nauli ya paseli kwenda mikoani iandike pembeni, usiichanganye humo.

Ila hiyo hesabu mteja haioni mpaka umwambie, na pa kumwambia ni kwenye kichwa cha tangazo. Mtu anaandika "asali", au "asali mbichi", hakuna anayetafuta "karibu mjipatie". Na kwenye simu kichwa kirefu kinakatwa, yale maneno ya mwisho hayaonekani kabisa, kwahiyo kitu na kipimo vikae mbele: "Asali mbichi lita 1 (kilo 1.4), nyuki wakubwa, Tabora". Nyuki wakubwa taja, maana ya nyuki wadogo bei yake iko juu sana na mtu asije akalalamika alidhani ndo hiyo. "Orijino" kila mtu kaandika, hata wa sukari guru. Na usiandike inatibu kisukari, utafutiwa tangazo.

Picha ya kwanza iwe chupa MOJA, ile ile ya lita, stika inasomeka. Ukiweka ndoo au chupa kumi zimepangwa utapigiwa simu na watu wanaodhani zote ni 13,500. Zima flashi, inaacha doa jeupe kwenye chupa, futa kamera na kanga, piga asubuhi karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni na nyuma weka karatasi nyeupe. Najua wengine wanaweka chupa mbele ya jua ili ing'ae kama dhahabu, inapendeza kweli, ila asali ya miombo mara nyingi ni nyeusi nyeusi, mteja wa Dar akipokea ya kahawia anasema umemchanganyia, anarudisha. Rangi ya kwenye picha ifanane na ya mkononi. Picha ya pili ishike mkononi ukubwa uonekane, ya tatu kijiko kinadondosha, inatosha.

Weka hiyo 13,500, badilisha kichwa na picha, halafu kaa wiki moja bila kugusa bei tena. Wakiwa hawafungui kabisa, shida ni kichwa au ile picha ya kwanza. Wakifungua halafu wanauliza "ni lita ngapi hiyo?", kipimo bado hakionekani. Wakiwa wameshajua ni lita na bado wanaomba punguzo, hapo ndo tuongelee bei, na hata hapo afadhali uweke tangazo la pili la nusu lita kuliko kushusha hii, ila nusu lita usigawe 13,500 kwa mbili maana chupa na stika hazipungui nusu, anzia kwenye 7,000 na kitu.