Sahihisho moja, sababu moja

Mdogo wangu ofisini huniomba nimsahihishie barua pepe kabla ya kuituma. Barua ni mistari miwili, maelezo yangu yanafika kumi. Nipunguzeje?

Mrudishie kwanza barua iliyo safi, isiyo na mabano wala rangi, aweze kuinakili na kuituma papo hapo. Sababu ziweke chini yake. Tuseme ameandika hivi:

Nimekutumia nyaraka hiyo jana.
Tafadhari nijulishe kama ime kufikia.

Wewe unamrudishia:

Nimekutumia waraka huo jana.
Tafadhali nijulishe kama umekufikia.

– waraka huo umekufikia: mmoja ni waraka, nyingi ni nyaraka, kama wimbo na nyimbo.
– umekufikia: kitenzi na viambishi vyake huandikwa neno moja.
– tafadhali: kwa l, kama katika asili yake ya Kiarabu.

Hapo nyaraka na ime nimeziweka pamoja kwa sababu chanzo chao ni kimoja. Akishajua kwamba neno ni waraka, huo na umekufikia vinafuata vyenyewe. Ukivieleza mbalimbali, ataona makosa mawili ya kukariri badala ya kanuni moja. Jina la ngeli si lazima ulitaje. Aliyemaliza shule zamani huenda U-ZI haimwambii kitu, lakini wimbo huu na nyimbo hizi anazisema kila siku.

Ila kabla hujagusa neno hilo, muulize alituma faili ngapi. Kama ni tatu, nyaraka ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kinachobadilika ni hizo na zimekufikia. Nimewahi kumsahihisha mtu kwa kubahatisha hapo, akatuma barua yenye sarufi safi na habari ya uongo. Bado inaniuma.

Je, kila kosa nilitolee sababu?

Hapana. Herufi iliyoteleza kidole irekebishe kimya. Utaitambua kwa kuwa neno hilohilo ameliandika vizuri kwingine. Tafadhari ikijirudia katika barua ya pili na ya tatu, hiyo ndiyo anavyoijua, kwa hiyo inastahili mstari wake.

Nami nikiona nifahamishe inapendeza kuliko nijulishe?

Iache nijulishe yake. Jaribu kuandika sababu kwa maneno kumi hivi. Ukijikuta umebaki na "haisikiki vizuri", huna kanuni, una mazoea yako tu. Mwandishi akichanganyiwa kosa na ladha yako, kesho ataanza kuogopa hata maneno sahihi.

Nitajuaje kama amejifunza?

Tazama barua inayofuata, hasa neno ambalo hukumsahihisha. Akiandika "waraka umefika" amekumbuka neno. Akiandika "ufunguo umepotea" mahali ambapo zamani angeandika "funguo imepotea", basi ameishika kanuni yenyewe, na mstari ule huna haja ya kumwandikia tena.