Tanwini na alifu yake: maswali ya wasomaji

Mwalimu, salaam. Mtoto wangu aliandika ku madrasa: اشتريتُ كتابً ومسطرةًا وماءًا. Akapigwa alama nyekundu ku maneno yote tatu, bila kuelezwa. Juu ya nini neno moja linadaiwa alifu na yale mawili yanakatazwa? (Baba, Kadutu, Bukavu)

Wa alaykum salaam, baba. Mtoto alitaka kusema: nilinunua kitabu, rula na maji. Vitu vyote vitatu vimenunuliwa, kwa hiyo vyote viko katika nasbu, na kwa kuwa havina *al-* mwanzoni, vyote vinamalizika na sauti ile ile ya "-an". Sikio la mtoto halikukosa. Kilichokosewa ni maandishi, na maandishi ya Kiarabu yana msingi mmoja: neno huandikwa kama linavyotamkwa msomaji anaposimama juu yake, si kama linavyotamkwa likiungwa na neno linalofuata.

Mwambie asome kwa sauti na asimame kwenye *kitaban*. Nuni inaanguka na fat-ha inavutwa: *kitabaa*. Ule mvuto ndio alifu, kwa hiyo sahihi ni كتابًا. Jaribu tena na *kitabun* na *kitabin*: ukisimama unabaki na *kitab* tu, hakuna mvuto wowote. Ndiyo sababu tanwini ya dhamma na ya kasra haziongezi herufi: كتابٌ، كتابٍ.

Sasa *mistaratan*. Ukisimama unasikia *mistarah*: taa marbuta imegeuka ha na hakuna mvuto. Alifu haina kazi hapo, tunaandika مسطرةً. Lakini aangalie ni taa ya namna gani. Watoto wengi hukariri kwamba "baada ya taa hakuna alifu", kisha wanaiondoa hata kwenye taa ya wazi. Ile haigeuki ha mtu akisimama, kwa hiyo alifu inabaki: بيتًا، وقتًا، بنتًا. Na wingi wa kike kama طالبات ni jambo jingine kabisa: katika nasbu unachukua kasra, طالباتٍ. Anayeandika طالباتًا amekosea nahau kabla hajafika kwenye tahajia.

Neno la tatu, *maan*, ndilo gumu. Ukisimama unasikia mvuto kweli, baada ya hamza. Kwa kipimo chetu lingestahili alifu. Ila hamza yake tayari imetanguliwa na alifu, na waandishi hawapendi kuibana hamza kati ya alifu mbili. Wanaiacha ya pili: ماءً. Ni vile vile kwa سماءً، مساءً، بناءً. Mvuto unabaki mdomoni, haumo kwenye karatasi.

Sentensi ya mtoto basi iwe: اشتريتُ كتابًا ومسطرةً وماءً.

Kama hamza inakataza alifu, mbona kitabu cha masomo kinaandika جزءًا na شيئًا? (Mwanafunzi, Majengo, Goma)

Hamza haikatazi kitu. Kinachoizuia alifu ni alifu nyingine iliyo karibu. Ukikutana na neno linalomalizika na hamza, tazama mambo mawili: ni herufi gani iko kabla ya hamza, na hamza yenyewe imekaa juu ya nini.

Kama kabla yake kuna alifu, tumeshaona: ماءً. Kama imekaa juu ya alifu, sababu ni ile ile ya kukwepa alifu mbili, na unaandika خطأً، ملجأً، نبأً. Kwingine kote alifu inaongezwa. Hamza iliyokaa juu ya wawu au juu ya ya haina shida: لؤلؤًا، قارئًا.

Inabaki hamza inayokaa peke yake kwenye mstari, na hapo ndipo mkono unapoteleza. Tazama herufi iliyo kabla yake inaungana na inayofuata au haiungani. Za haiungani na ya mbele, wala wawu, wala dali. Kwa hiyo hamza inabaki peke yake na alifu inasimama pembeni: جزءًا، ضوءًا، بدءًا. Lakini ya na ba zinaungana, zinatoa mkono kuelekea alifu, na hamza inapanda juu ya jino: شيء inakuwa شيئًا, عبء inakuwa عبئًا, بطيء inakuwa بطيئًا. Ukiona mtu ameandika شيءًا, ujue alikumbuka alifu akasahau kuunganisha.

Maneno kama فتًى na هدًى yasikuchanganye. Umbo la ya mwishoni ni alifu ya neno lenyewe, ilikuwepo kabla ya tanwini na inabaki katika rafu, nasbu na jarri. Huongezi nyingine.

Tunatayarisha vyeti vya wanafunzi. Tuliandika كرّمنا محمدًا وأحمدًا وعائشةً. Mzee mmoja anasema majina mawili yana kosa. Ni yapi? (Kamati ya madrasa, Kamalondo, Lubumbashi)

Mzee wenu amesema kweli. محمدًا ni sahihi. أحمد na عائشة ni majina yasiyokubali tanwini hata kidogo: la kwanza kwa sababu lina umbo la kitendo, la pili kwa sababu ni jina la mtu lenye taa marbuta. Nasbu yake ni fat-ha moja tu, na pasipo tanwini hakuna alifu ya tanwini. Andikeni: كرّمنا محمدًا وأحمدَ وعائشةَ.

Kwa kuwa ni vyeti, pitieni orodha yote jina kwa jina. إبراهيم، يوسف na إسماعيل yametoka lugha nyingine na hayachukui tanwini. نوح na لوط nayo yametoka nje, lakini ni ya herufi tatu na ya katikati imetulia, kwa hiyo yanaichukua: نوحًا، لوطًا. Majina ya kike yote ya namna ya فاطمة، خديجة na زينب yanabaki na fat-ha moja.

Kuna jozi moja inayoharibu vyeti kuliko zote, عمر (Omari) na عمرو (Amri). Ile wawu ya Amri haisomwi. Imewekwa ili jicho litofautishe majina hayo mawili. Katika nasbu haihitajiki tena, kwa sababu Amri anachukua tanwini na Omari hachukui: كرّمنا عمرًا ni Amri, كرّمنا عمرَ ni Omari. Mkimwandikia Omari alifu kwa kuzoea, cheti kimekwenda kwa mtu mwingine.

Ku telefone vijana wanaandikaka شكرن. Si ndivyo inavyosikika? (Mama, Birere, Goma)

Inasikika hivyo, mama, lakini nuni ya tanwini haiandikwi kamwe kwa herufi ya nuni. Ni شكرًا. Kijana akikosa alama kwenye telefone yake aandike شكرا tu, na msomaji ataelewa. Alama za juu na chini zinaweza kuachwa, kama magazeti yanavyoziacha. Alifu ni herufi ya neno, haiachwi. Ni hivyo pia kwa أيضا، جدا na دائما.

Zile fat-ha mbili zikae juu ya alifu au juu ya herufi iliyo kabla? Kila kitabu kinaonyesha kivyake. Na ku klavye ya Kifaransa tunazipata wapi? (Mwenye duka la kupiga saisi, Katuba, Lubumbashi)

Utaziona kotekote, كتابًا na كتاباً, na zote mbili zina watu wake. Sisi tunashika ya kwanza. Fat-ha ni ya ile ba, ndiyo inayotamkwa nayo, na alifu iliyoongezwa ni herufi iliyotulia isiyobeba irabu. Mwanafunzi anayeona alama juu ya ba anasoma *ban* moja kwa moja. Anayeiona juu ya alifu mara nyingi anavuta kwanza, *baa-an*, na kosa hilo linakaa naye muda mrefu.

Kwa kazi yako kuna jambo zito zaidi. Machoni tofauti ni ndogo, ndani ya mashini ni maneno mawili:

```
كتابًا = 0643 062A 0627 0628 064B 0627
كتاباً = 0643 062A 0627 0628 0627 064B
```

Ukichanganya mitindo katika kitabu kimoja, ukitafuta neno utapata baadhi tu, na ukibadilisha yote kwa pamoja mengine yatabaki. Chagua mtindo mmoja kabla ya kuanza.

Kwenye mpangilio wa Kiarabu unaoitwa Arabic (101), alama hii iko Shift na ufunguo ulioandikwa Z kwenye klavye ya Kifaransa (mahali pa W kwenye ya Kiingereza). Neno كتابًا linapigwa hivi: M, J, H, F, kisha Shift+Z, kisha H. Shift na A inatoa fat-ha moja, na wengine huipiga mara mbili wakidhani ni sawa. Si sawa: ni alama mbili za 064E, nazo hupandana au kuachana kadiri ya hati iliyochaguliwa. Ukiona fat-ha mbili zimekaa vibaya, futa na upige 064B moja.

Katika Sura ya Al-Alaq kuna لَنَسْفَعًا. Ni kitendo, na tunafundishwa kitendo hakina tanwini. Na kwenye msahafu alama ya pili ni kama mimu ndogo. (Mwalimu wa Kurani, Bagira, Bukavu)

Uliyofundishwa ni kweli, na neno hili halikuyavunja. Mwishoni mwake kuna nuni nyepesi ya mkazo: "hakika tutamkokota". Ukisimama juu yake, nuni hiyo inageuka mvuto, *lanasfa'aa*, sawasawa na tanwini ya nasbu. Kwa kuwa maandishi yanafuata kusimama, ikapewa alifu na alama za tanwini. Iko pia وَلَيَكُونًا katika Sura ya Yusuf, aya ya 32.

Mimu ndogo inatokana na neno linalofuata, بِالنَّاصِيَةِ, linaloanza na ba. Mbele ya ba nuni inasomwa mimu, na msahafu wa Madina unaonyesha hivyo kwa kubadilisha alama ya pili. Kwenye msahafu huo huo, alama mbili zilizolingana zinakuambia uidhihirishe nuni, mbele ya herufi sita za koo: ء ه ع ح غ خ. Zikipishana, nuni inaingizwa au inafichwa. Alama hizo ni za kuongoza kisomo, msizipeleke kwenye barua wala mtihani wa insha.

Na vituo? (Huyo huyo wa Katuba)

Tumia vya Kiarabu: koma ، ni Shift+K, nukta-koma ؛ ni Shift+P, na alama ya kuuliza ؟ ni Shift na ufunguo wa "!". Shule za Kifaransa zimetuzoeza kuacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza, nukta-koma na nukta mbili. Kwenye Kiarabu kituo kinashikana na neno lililotangulia, na nafasi inakuja baadaye: أقرأتَ كتابًا؟ Ukiacha nafasi kabla, mstari ukijaa alama ya kuuliza itashuka peke yake kwenye mstari wa pili. Neno likiwa na alifu ya tanwini, kituo kinakuja baada ya alifu. Na usiondoe tanwini eti msomaji atasimama pale kwenye nukta: katika maandishi yenye irabu inaandikwa, na msomaji mwenyewe ndiye anayeigeuza mvuto anaposimama.