Ulimi wa Mganda hauna kosa: kwa walimu wapya wa Kiswahili

Jana nilimkuta mwalimu wa mazoezi hapa Masaka akiliambia darasa zima likariri "ra, ra, ra". Wapendwa, hili tumelirudia miaka mingi mno.

1. Kabla ya kusahihisha, tazama irabu inayotangulia. Katika Kiganda l na r ni fonimu moja yenye alofoni mbili: r hufuata e na i, na l hukaa kwingine kote, hata mwanzoni mwa neno. Neno *omuliro*, yaani moto, lina zote mbili. *Okulaba* ni kuona, lakini kwaheri ni *weeraba*, ni laba ileile baada ya e. Hata maneno yetu yalipoingia Kiganda yalifuata sheria hiyo: sukari ikawa *ssukaali*, barua ikawa *ebbaluwa*.

2. Msifundishe ulimi, fundisheni sikio. Hapa nina deni. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma imla: "Baba alipeleka mahari mahali pale." Msichana mmoja, hodari kweli, akaandika: "Baba alipereka mahali mahali pale." Nikamsimamisha mbele ya wenzake akariri r mpaka machozi yakamtoka. Sikujiuliza kwa nini r aliyoshindwa kuiweka kwenye mahari ameiweka mwenyewe kwenye alipereka. Ningetazama irabu ningeona hakukosea ovyo hata mara moja: baada ya a aliweka l, baada ya e akaweka r, kama lugha ya mama yake inavyodai. Wiki iliyofuata nikasoma sentensi ileile. Akaandika: "Baba aripereka mahari mahari pare." Nilikuwa nimemfundisha kuogopa l. Kati ya l nne zilizotakiwa hakubakisha hata moja, na tatu kati ya hizo alikuwa akiziandika sawasawa kabla sijamgusa. Alipofika kidato cha tatu aliacha Kiswahili, na mpaka leo naumia.

3. Tumieni jozi ambazo irabu ni a, maana hapo Kiganda kinampa l tu: mahali na mahari, fahali na fahari. Wasikie kwanza, waonyeshe kidole ni ipi, kusema baadaye. Kisha geukieni e na i, ambako tatizo ni kinyume: pili huwa "piri", mbele huwa "mbere".

4. Ulizeni mtoto anatoka wapi. Mwacholi ana l na r mbili kamili, hana shida hii. Mnyankore huandika moto *omuriro*, kwa hiyo kwake kula ndiyo inayogeuka kura.

Yule kijana wa jana nilimwomba aandike *leero* ubaoni, yaani leo, darasa lisome. Watoto arobaini wakatoa r safi kabisa. Akashusha chaki, akanitazama.