Kurudisha alama za Kilatvia zilizopotea kwenye kibodi

Ukiandika Kilatvia kwa kibodi ya Kiingereza, sentensi hutoka hivi: "Masa dzivo Riga, kazas bus maija." Ujumbe uliokusudiwa ni "Māsa dzīvo Rīgā, kāzas būs maijā", yaani dada anaishi Riga, harusi ni mwezi wa Mei. Bila alama, dada amegeuka masi ya kwenye fizikia, na harusi imekuwa mbuzi.

Wengi hukimbilia programu ya kukagua tahajia. Itasaidia nusu tu. Hapo itapigia mstari mwekundu dzivo, Riga na bus, kwa sababu hayo si maneno ya Kilatvia. Masa, kazas na maija itayapita kimya, maana ni maneno halali yenye maana nyingine. Mimi huwa naogopa zaidi neno lisilo na mstari.

Kwa hiyo nikisafisha matini ya namna hii, naanza na miisho. Kila nomino ya umoja naiuliza: hapa inajibu "wapi?" au "lini?" Ikijibu, mara nyingi irabu ya mwisho ni ndefu: Rīga ni mji, Rīgā ni "huko Riga". Inafanya kazi ya -ni yetu ya nyumbani. Ndivyo maija, "ya Mei", inavyorudi kuwa maijā. Hata kwa Riga, programu inaweza kukupendekezea Rīga na Rīgā, na mwenye kuchagua ni wewe. Baada ya miisho ndipo naingia katikati ya maneno, na hapo muktadha ndio unaoamua: anayeishi mjini ni māsa, si masi.

Ila ni afadhali alama zisipotee kabisa. Kwenye Windows ongeza Kilatvia, uchague kibodi inayoitwa Latvian (QWERTY). Herufi zinabaki mahali pake. Unabonyeza ritifaa kwanza, halafu herufi:

```
' a → ā
' s → š
' k → ķ
```

Kitufe ni kimoja kwa alama zote: irabu a, e, i na u zinapata mstari juu, c, s na z zinapata kipembe, na g, k, l na n laini zinapata kikoma chini. (Kikoma cha ģ ndogo hukaa juu. Usihangaike, ndivyo ilivyo.)

Sisi waandishi wa Kiswahili tuna shida yetu hapo. Andika ng'aa na kibodi hiyo, utapata ngāa. Bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, ndipo uendelee. Au rudi kwenye kibodi ya zamani kwa kitufe cha Windows pamoja na nafasi.

Majina ya watu usiyakisie. Kalnins karibu kila mara ni Kalniņš, lakini majina mengine hayatabiriki, na programu haiyajui. Mwombe mwenyewe akuandikie, unakili na kubandika.