Kwa fundi mgeni wa raiza: kebo haijalala, inaning'inia

Mdogo wangu, ukitolewa kwenye trei za darini ukapelekwa kwenye raiza, njia ya wima inayopandisha kebo ghorofa hadi ghorofa, jambo la kwanza la kuzoea ni uzito. Darini kebo imelala na trei inaibeba. Kwenye raiza inaning'inia, na usipoishika njiani mzigo wote utaenda kwenye gilandi ya juu, kile kifungio kinachoishika kebo inapoingia kwenye paneli.

Mimi nilifundishwa na jengo la ghorofa nane. Tulipandisha kebo sita za umeme zenye ama, yaani kinga ya waya za chuma, na kihami cha XLPE, kori nne, milimita 25 za mraba. Kila mita ina karibu kilo 2, kwa hiyo kwa mita 26 kebo moja ni kilo 52, na zote sita zinapita kilo 300. Sisi tukazifunga kwa tai za plastiki, kila mita moja na nusu. Baada ya miezi michache nikafungua paneli ya juu: ganda limechomoka kwenye gilandi, waya za chuma ziko nje. Mwongozo wa BS 7671, kanuni za Uingereza za ufungaji umeme, unataka kebo ya ama yenye unene wa milimita 20 hadi 40 ishikwe kila milimita 600 ikiwa wima. Tukarudia kazi kwa klipu za chuma. Plastiki ingeyeyuka pia siku ya moto, kebo zikawaangukia wanaokimbia.

Kuhusu kujaza trei, usidanganywe na nafasi iliyobaki. Kebo hizo sita zikipangwa safu moja zinachukua milimita 160 hivi, na kwenye trei ya 300 zinakaa vizuri. Kila moja peke yake hubeba ampea 131. Sita zikigusana kwa safu moja zinapashana joto, kwa hiyo unazidisha kwa 0.73, unapata kama 95. Ukizifunga fungu moja ili "kuacha nafasi ya baadaye", unazidisha kwa 0.57 na kubakiwa na 75. Brika zetu zilikuwa za 80. Yaani kebo ingepikika na brika isijue.

Kebo za data zilikuwa na trei yake, milimita 200 kutoka kwenye umeme kama mchoro ulivyosema. Katikati ya ghorofa kila kitu safi. Tatizo lilikuwa kwenye slabu ya ghorofa ya tano: tundu la data lilikuwa limeshazibwa kwa kizuia moto, kijana mmoja akazipitisha tundu la umeme, kisha akaziacha zikiambatana nao hadi ghorofa ya saba. Kupishana kwa pembe mraba kusingetusumbua sana. Kutembea sambamba mita sita ndiko kulikotuponza, umeme ukaingilia data. Vipimo vya data vilifaulu kwa sababu tulipima kabla mzigo haujawashwa. Wapangaji walipohamia, makosa kwenye swichi ya mtandao yakawa yanapanda saa za kazi na kutulia usiku.

Kwa hiyo ukikagua, shika tochi na futi, pimia pale kebo zinapoingia na kutoka kwenye slabu.