Bakiflashi kiwandani: vichocheo viwekwe wapi, na maingizo yaandikweje

"Ndugu wahasibu, kiwanda chetu hapa Mukono kinazalisha kwa JIT na bosi anataka tuache kufuatilia kila kazi kwa kadi, tuhamie bakiflashi. Nimesoma kwamba maingizo yanaweza kuanzia kwenye ununuzi, kwenye kukamilika kwa bidhaa, au kwenye mauzo. Nichague kipi, na maingizo yenyewe yanakuwaje?"

Ndugu, mimi ni mhasibu wa gharama katika kiwanda cha matoroli huko Namanve, na bakiflashi ndiyo tunayotumia, yaani hatufuatilii gharama hatua kwa hatua, bali bidhaa ikikamilika au ikiuzwa tunarudi nyuma na kuigawia gharama iliyopaswa kutumika. Kwa mazingira yetu ya Uganda nakushauri uchukue vichocheo vitatu, yaani matukio yanayokufanya uandike ingizo: ununuzi, kukamilika, na mauzo. Nitakuonyesha sababu kwa hesabu ya mwezi mmoja, kwa sababu ukikaa na nadharia peke yake kila chaguo linaonekana sawa. Tarakimu nimezifanya nyepesi, lakini mpangilio ndio huohuo wa kwetu.

Toroli moja kwa gharama sanifu, yaani ile tuliyoipanga mapema, linachukua vifaa vya shilingi 90,000: bati la beseni 38,000, bomba la fremu 22,000, gurudumu 24,000, na rangi pamoja na bolti 6,000. Gharama za uzalishaji, yaani mishahara ya mafundi, umeme, kodi ya jengo na uchakavu wa mashine, tumezikadiria 30,000 kwa toroli. Jumla 120,000. Mwezi huo tulinunua vifaa vya 94,500,000, gharama halisi za uzalishaji zikafika 31,600,000, tukakamilisha matoroli mazima 1,000 na kuuza 960. Hakukuwa na salio la mwanzo. VAT ya asilimia 18 inayodaiwa URA naiacha nje, maana inakaa kwenye hesabu yake na si sehemu ya gharama ya vifaa.

Vifaa vinapoingia getini:
Debiti Vifaa na Kazi Inayoendelea 94,500,000
Krediti Wadai 94,500,000

Angalia jina la hesabu hiyo. Hakuna hesabu ya mali ghafi peke yake na nyingine ya kazi inayoendelea. Zote mbili ziko chungu kimoja, kwa sababu toroli linaingia asubuhi likiwa bati na kabla ya siku kuisha liko ghala. Huandiki chochote bati linapotoka stoo kwenda kwenye mkasi, wala fremu inapotoka kuchomelewa kwenda kwenye rangi. Hapo ndipo kazi ya makaratasi inapopungua.

Gharama za uzalishaji zinaingia jinsi zinavyotokea:
Debiti Gharama za Uzalishaji 31,600,000
Krediti Mishahara, Umeme, Uchakavu na kadhalika 31,600,000

Matoroli 1,000 yanapokamilika, mfumo unarudi nyuma na kuuliza: matoroli haya yalipaswa kula nini?
Debiti Bidhaa Zilizokamilika 120,000,000
Krediti Vifaa na Kazi Inayoendelea 90,000,000
Krediti Gharama za Uzalishaji Zilizogawiwa 30,000,000

Yanapouzwa 960:
Debiti Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa 115,200,000
Krediti Bidhaa Zilizokamilika 115,200,000

Mwisho wa mwezi unafunga hesabu mbili za uzalishaji, na upungufu wa 1,600,000 unaenda kwenye gharama ya mauzo:
Debiti Gharama za Uzalishaji Zilizogawiwa 30,000,000
Debiti Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa 1,600,000
Krediti Gharama za Uzalishaji 31,600,000

Vitabu sasa vinaonyesha 4,500,000 kwenye vifaa, 4,800,000 kwa matoroli 40 yaliyo ghalani, na 116,800,000 kwenye gharama ya mauzo. Ukijumlisha unapata 126,100,000, sawasawa na vifaa vilivyonunuliwa pamoja na gharama halisi za uzalishaji. Fanya jumla hiyo kila mwezi. Ikigoma, kuna ingizo limepotea.

Sasa tuone nini kinabadilika ukipunguza kichocheo. Tuseme umebaki na ununuzi na mauzo tu. Hutakuwa na hesabu ya bidhaa zilizokamilika. Siku ya kuuza utadebiti gharama ya mauzo 115,200,000, ukakrediti vifaa 86,400,000 na gharama zilizogawiwa 28,800,000. Salio la vifaa linakuwa 8,100,000, na ndani yake yamo matoroli 40 yaliyo ghalani kwa thamani ya vifaa vyake tu. Ile 1,200,000 ya kazi iliyofanywa juu ya matoroli hayo imeangukia kwenye gharama ya mauzo, nayo sasa inasoma 118,000,000. Faida imeshuka kwa 1,200,000 bila kitu chochote kubadilika kiwandani. Njia hii ina uzuri wake, na si mdogo: meneja wa uzalishaji hawezi kuipendezesha ripoti ya mwezi kwa kujaza ghala, kwa sababu kazi ya mafundi haiingizwi kwenye thamani ya matoroli yaliyo ghalani. Kama kwenu bidhaa zinapakiwa kwenye lori siku hiyohiyo, tofauti itakuwa ndogo na ningekuunga mkono. Lakini wateja wetu wa Gulu na Arua huchukua mizigo wanapopata lori la kurudi, kwa hiyo ghala haliwi tupu, na kichocheo cha kukamilika kinahitajika.

Njia ya kuruka ununuzi, uanze kuandika bidhaa zinapokamilika, mimi siikubali kwa hapa kwetu. Katika njia hiyo wadai unawakrediti 90,000,000 matoroli 1,000 yanapokamilika, na zile 4,500,000 za vifaa vilivyobaki hazionekani popote, si kama mali wala si kama deni. Inawezekana pale ambapo msambazaji analeta kila baada ya saa chache na kinachobaki stoo ni kidogo mno. Sisi bati tunalipata hapahapa nchini, lakini magurudumu yanapitia Mombasa na Malaba, na foleni ikiwa ndefu mpakani tunanunua mapema. Mwezi kama huo salio la vifaa linaruka. Tena ankara ya msambazaji inatolewa kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, wenyewe wanaiona, nawe unaihitaji kudai VAT yako. Ankara iko kwenye mfumo wa kodi lakini leja yako haina deni: maelezo hayo utampa nani?

Kitu ambacho vitabu vinakipita haraka ni mahali hasa pa kuweka kichocheo cha kukamilika sakafuni. Weka baada ya ukaguzi wa mwisho, mlango wa kuingilia ghalani, si mwisho wa kuchomelea. Toroli likihesabiwa linapotoka kwa mchomeleaji, halafu mkaguzi akalirudisha kwa sababu ya mshono mbovu, litapita tena pale na kuhesabiwa mara ya pili. Mfumo utapunguza vifaa vya matoroli mawili wakati ghala limepokea moja. Dalili yake ni rahisi kuiona: vifaa vinasoma hasi kwenye kompyuta huku rafu ina mali, na idadi ya bidhaa kwenye leja inazidi ile ya mtunza ghala.

Dalili ya upande wa pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu bakiflashi kwa asili yake haioni uharibifu. Inapunguza kile kilichopaswa kutumika. Kilichotumika kweli haikijui. Mwezi ule leja ilisema vifaa 4,500,000, lakini tulipohesabu stoo pamoja na vilivyokuwa sakafuni tukapata 3,284,000. Pengo ni 1,216,000. Tukatazama kifaa kimoja kimoja: magurudumu yalikuwa sawa, mabomba yalikuwa sawa, upungufu wote uko kwenye bati. Gawanya kwa 38,000 unapata mabeseni 32 kamili. Shiti letu lina urefu wa milimita 2,440 na upana wa 1,220, na kila beseni linahitaji kipande cha milimita 800 kwenye urefu, kwa hiyo shiti moja linatoa vipande vitatu na baki ya milimita 40 tu. Kizuizi cha mkasi kilikuwa kimesogea, kila kipande kikawa kinazidi milimita 800 kidogo, na kipande cha tatu kikatoka kifupi kikatupwa kwenye skrepa. Leja isingekuambia hayo kamwe. Ingizo lenyewe ni hili:

Debiti Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa, hasara ya vifaa 1,216,000
Krediti Vifaa na Kazi Inayoendelea 1,216,000

Usiifiche hasara hiyo kwa kupandisha gharama sanifu ya bati. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa na vifaa vilivyo ghalani, inataka uharibifu usio wa kawaida uwe gharama ya kipindi, usibebwe ndani ya thamani ya bidhaa. Gharama sanifu ibadilike pale tu muundo wa toroli au bei imebadilika kweli. Na mhandisi akibadilisha unene wa bomba, orodha ya vifaa kwenye mfumo ibadilishwe siku hiyohiyo kabla toroli la kwanza la muundo mpya halijapita mlangoni. Vinginevyo mfumo utaendelea kupunguza bomba ambalo halitumiki tena.

Kwa hiyo vifaa vya bei kubwa vihesabiwe kila wiki, vilivyobaki kila mwezi. Sisi tunahesabu bati na magurudumu Jumamosi jioni baada ya zamu kumalizika, na mtunza stoo hahesabu peke yake.

Limebaki suala la kazi iliyo nusu, ambalo mkaguzi wa hesabu atakuuliza. Mwezi ule kulikuwa na matoroli 20 yaliyosubiri rangi. Vifaa vyake vimo kwenye salio, ila kazi iliyofanywa juu yake, tuseme asilimia 60, haimo: 20 mara 30,000 mara asilimia 60 ni 360,000. Kwa kiwanda chenye gharama ya mauzo ya milioni 116 kwa mwezi kiasi hicho hakimpotoshi msomaji wa hesabu, tukakiacha. Lakini chukua mwaka unaofungwa mwisho wa Juni, rangi imechelewa na matoroli 300 yamejipanga bila kupakwa. Hapo ni 5,400,000, na kwa kuwa gharama hizo zimeshafungwa kwenye mauzo, zirudishe kwenye mali:

Debiti Vifaa na Kazi Inayoendelea 5,400,000
Krediti Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa 5,400,000

Tarehe 1 Julai unaligeuza ingizo hilo, kwa sababu matoroli hayo yakipita mlango wa ghala mfumo utayagawia 30,000 nzima kila moja. Usipoligeuza, ile 5,400,000 itabaki kwenye salio la vifaa, na hesabu ya stoo ya Julai itakuonyesha pengo ambalo hakuna fundi aliyelisababisha.