Chipsi za oveni: shughulika na maji kabla ya mafuta

Chipsi za oveni zikitoka legelege, wengi husema mafuta yalikuwa machache. Mimi nashuku maji kwanza. Karibu sehemu nne kwa tano za kiazi ni maji. Kwenye karai, mafuta ya moto hukizunguka kila kipande na kuyatoa maji hayo kwa kasi. Ndani ya oveni kuna hewa tu, nayo hupeleka joto polepole. Mvuke usipopata njia ya kutoka, viazi vinachemka badala ya kuokwa.

Nieleze kwa kilo moja ya viazi, kipimo kinachotutosha nyumbani. Menya, kisha kata vipande vya unene wa kidole chembamba, sentimita moja hivi. Muhimu zaidi ni vilingane, maana chembamba kitaungua huku kinene bado kigumu. Vitie kwenye beseni la maji baridi kwa nusu saa. Utaona maji yanageuka meupe: huo ni wanga uliotoka kwenye seli zilizokatwa na kisu, na ndio unaofanya vipande vigandane na kung'ang'ania trei. Mwaga, weka maji mengine, na urudie mpaka ubaki unaona chini ya beseni.

Kwetu Mbeya kuna jambo la ziada. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishika, viazi vilivyolala stoo hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Utavitambua vikiwa kwenye oveni: vinakuwa kahawia iliyokoza mapema, ndani bado havijaiva, na vikiiva vina utamu unaoishia kwenye uchungu. Wala si kosa la muuzaji wa Mwanjelwa. Msimu huo naviloweka saa nzima, kwa sababu maji huondoa pia sukari iliyo juu ya kipande, na joto nalishusha hadi nyuzi 200. Gunia nalihamishia jikoni kwenye kona yenye giza na ujotojoto. Baada ya wiki mbili hivi sehemu ya sukari hurudi kuwa wanga. Kwenye friji viazi vya chipsi usiviweke kabisa.

Baada ya kuloweka, vikaushe kwa kitambaa cha pamba, halafu chukua kitambaa kingine kikavu urudie. Kitambaa cha pili kikitoka na unyevu, bado. Hatua hii inachosha, lakini hakuna nyingine inayobadilisha matokeo kiasi hiki.

Mafuta ni vijiko vikubwa viwili kwa kilo nzima. Usiyamwagie kwenye trei. Weka viazi kwenye bakuli, tia mafuta, uchanganye kwa mikono mpaka kila kipande king'ae na chini ya bakuli pasibaki dimbwi. Wifi yangu wa Iringa alinipigia akilalamika, "Wifi, nimetia kikombe kizima na bado zimelegea!" Nikamuuliza alizipangaje. Alikuwa amezirundika zote kwenye trei moja. Kikombe kile kilimpa chipsi zenye mafuta na mvuke kwa pamoja. Safari iliyofuata alizigawa kwenye trei mbili, akaoka moja baada ya nyingine kwa vijiko viwili tu, na zikakauka vizuri.

Washa oveni nyuzi 220 na uache trei tupu ipate moto humo ndani dakika kumi. Panga viazi safu moja, kila kipande kiwe na nafasi yake. Ukivimimina vikisikika vikichachatika, trei iko tayari. Usiviguse kwa dakika 20. Kisha inua kimoja kwa mwiko bapa: kikigoma, rudisha trei kwa dakika tatu, kwa sababu upande wa chini ukishafanya ganda huachia wenyewe. Ukilazimisha, ganda linabaki kwenye trei. Unapofungua mlango kaa kando, mvuke unakuja usoni, na uache utoke wote kabla ya kufunga tena. Geuza kila kipande, kisha oka dakika 10 hadi 15 nyingine.

Dakika hizo ni za kukadiria. Kama oveni yako ni ya umeme na jioni umeme unapungua nguvu, itachelewa, kwa hiyo fuata rangi: dhahabu, na kingo zilizoanza kuwa kahawia. Chumvi tia zikishatoka, kwani ukiitia mapema huvuta maji yaje juu, na kazi yote ya kukausha inapotea.

Hazitafanana kabisa na za karai. Ganda lake ni jembamba na halidumu. Ndani ya dakika kumi zinaanza kulainika, na ukizifunika kwenye hotipoti ni mapema zaidi. Kwa hiyo kachumbari iwe imekatwa na watu wameshanawa mikono kabla trei haijatoka. Zikibaki, zirudishe kwenye oveni ya moto dakika tano bila kuongeza mafuta.